Riba ya fiksi: iandike nzima, kodi ingoje siku ya kuiva

Mwaka wa kwanza niliposhika vitabu vya kampuni moja ya leso hapa Mtaa wa Biashara, mama mwenye kampuni alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mizania ya Januari. "Mwanangu, hizi elfu themanini na moja twamdai nani?" Nikamwambia benki. "Benki gani tena? Fiksi si ishaiva, na pesa zishaingia?" Nilinyamaza.

Fiksi, yaani pesa tulizoziweka benki kwa muda maalum, ilikuwa ya shilingi 3,650,000, riba asilimia 10 kwa mwaka wa siku 365, muda siku 90 kuanzia tarehe 12 Oktoba. Kila siku ilizaa shilingi 1,000. Siku ya kuweka inahesabiwa, ya kutoa haihesabiwi, kwa hiyo Oktoba ilipata siku 20, Novemba 30, Desemba 31. Kila mwisho wa mwezi nilidebiti riba inayodaiwa na kukrediti mapato ya riba. Zikafika 81,000. Hapo sikukosea.

Nilikosea tarehe 10 Januari. Riba ilitimia 90,000, benki ikakata kodi ya zuio asilimia 15, yaani 13,500, ikaingiza 76,500 pamoja na ile pesa ya mwanzo. Nami nilipoziona 76,500 kwenye stetimenti nikazikrediti zote kwenye mapato, kana kwamba riba haijawahi kuandikwa. Mapato yakavimba, na zile 81,000 zikabaki zikidaiwa benki isiyodaiwa kitu.

Ilitakiwa hivi: debiti benki 76,500, debiti kodi ya zuio ya kudai 13,500, krediti riba inayodaiwa 81,000, na mapato 9,000 tu, za siku tisa za Januari. Siku hizi kila fiksi naipa mstari wake kwenye leja. Ikishaiva, mstari ule usiposoma sufuri, najua nimeharibu pahali.

Wengine huandika kila mwezi riba ikiwa imeshatolewa kodi, asilimia 85 tu. Usifanye hivyo. Kodi hukatwa riba inapolipwa, na kwa kampuni si kodi ya mwisho: riba nzima ya 90,000 inatozwa asilimia 30, yaani 27,000, halafu unatoa 13,500 zilizokwisha kukatwa. Ukiandika kilichoingia mkononi tu, kodi uliyokwisha kulipa hutaiona popote. (Fiksi yako mwenyewe, kwa jina lako, ni kisa kingine: mtu binafsi akikatwa 15 na benki, yameisha.)

Ili uzitoe hizo 13,500 wahitaji cheti cha zuio kwenye iTax. Mimi nilikitafuta kwa PIN ya kampuni nisikione. Benki ilikuwa imeiwasilisha kodi kwa PIN ya yule mama mwenyewe. Tuliwaandikia barua, tukaambatisha ile ya fiksi yenye jina la kampuni, na cheti kikaja wiki mbili kabla ya kuwasilisha ritani.