Betri ya lithiamu imezima ghafla, mita inasoma volti 3

"Betri yangu ya sola ni LiFePO4, volti 12, Ah 100. Jana alfajiri taa zilizima, sasa mita inasoma volti 3 na chaja haiitambui. Imekufa?"

Pengine haijakufa. Ndani kuna seli nne, na BMS, saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, huchunga kila moja peke yake. Moja ikishuka hadi karibu volti 2.5, BMS inakata pakiti nzima, hata kama nyingine tatu bado zina 3.2. Hiyo volti 3 si ya seli, ni mabaki yanayovuja kupitia swichi ya BMS iliyozimwa. Ingezima pale tu unapowasha pasi au pampu, ningeshuku mkondo mkubwa au shoti. Hapo unatoa mzigo, unasubiri dakika moja, na mara nyingi betri inarudi yenyewe.

Yako ilizima alfajiri, baada ya usiku bila jua, kwa hiyo imeisha chaji. Chomoa paneli kwanza, kisha inveta na mizigo yote. Tumia chaja ya LiFePO4 yenye uwezo wa kuamsha betri iliyojifunga, maana chaja nyingi hazianzi zisipoona volti. Anza na ampea 5 na uishike betri kwa mkono: ikipata joto, acha. Ikiamka, ijaze hadi volti 14.4, kisha pandisha kikomo cha inveta kujizima kiwe volti 12 badala ya 10.5 iliyozoeleka kwenye betri za asidi.

Ikikata tena mapema baada ya kujaa, seli moja imechoka. Fundi akitaka kuiruka BMS kwa waya, mkatalie: seli iliyoshuka sana ikichajiwa bila ulinzi inaweza kuvimba.