Sufuria Nyeusi Si Lazima Iwe ya Chuma: Tazama Kitako

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro alinitumia picha mbili za sufuria nene iliyojaa masizi, akaniuliza, "Dada, muuzaji anasema hii ni chuma cha kusubu. Nilipe?" Nilimshauri asilipe bei ya chuma. Muuzaji alipoonyeshwa jibu langu aliniandikia kwamba naharibu riziki za watu, na maneno hayo bado yananikera, kwa kuwa nimeuza vyombo vya mitumba kwa miaka mingi na sisemi jambo nisiloliona dalili yake.

Picha ya kwanza ilionyesha ubavu mweusi wenye chembechembe, na hapo ndipo wengi hupotea. Chembechembe hizo huachwa na mchanga wa kalibu, na alumini nayo husubiwa katika mchanga. Jibu lilikuwa kwenye kitako: mahali palipokwanguliwa na mafiga palikuwa peupe kama fedha, na mikwaruzo ya zamani ilikuwa imefifia ikawa ya kijivu, bila doa la kutu. Chuma cha kusubu kikichubuka huonyesha kijivu kilichokolea, na kikipata unyevu bila kupakwa mafuta hushika kutu ya kahawia. Sufuria iliyotumika kwenye kuni muda mrefu, ikakwanguliwa hivyo na isiwe na kutu hata kidogo, kwangu ni alumini mpaka ithibitishwe vinginevyo. Muuzaji alipoombwa aiguse kwa sumaku, haikunata.

Enameli haisumbui sana, kwani hung'aa kama kioo na rangi yake ni moja mpaka ilipobanduka. Basi tafuteni palipobanduka, hasa ukingoni na kwenye kitako, kwa sababu hapo huonekana chuma cheusi chenye kutu pembeni mwa rangi.

Alumini nyepesi na stenlesi ndizo hudanganya zikiwa mpya, kwa kuwa zote hung'aa. Stenlesi nyingi zina bamba nene lililobandikwa chini, na ukipiga picha kitako kwa upande utaona mstari unaolizunguka; zikiungua hutoa rangi za buluu na dhahabu. Alumini iliyotumika hupoteza mng'ao, ndani huwa na weusi hafifu mahali maji yalipochemkia, na kitako chake mara nyingi huwa kimebonyea.

Ndugu zangu, acheni kukubali picha moja iliyopigwa kutoka juu, tena ya sufuria iliyojaa pilau! Ombeni picha ya kitako kizima, nyingine ya ukingo kwa karibu, zote zipigwe kwa mwanga wa dirishani unaotoka upande mmoja, kwa sababu mwanga wa tochi ya simu huifanya kila metali iwe nyeupe. Ikiwa kitako kimefunikwa na masizi, muuzaji asugue sehemu ndogo kwa stilwaya kabla ya kupiga. Akikataa, mimi hulipa bei ya alumini au naiacha.