Tano ya 5n²: imepuuzwa au imewekwa kando?

*Mimi na mwenzangu tunajisomea algoriti, na tumeamua kuelezana kwa Kiswahili. Juzi aliandika 5n², akasema: "Hii ni sawa na n², ile 5 tunaipuuza." Nikamwambia, "Kaka, kazi mara tano inakuwaje sawa na kazi moja?" Akanijibu ndivyo ilivyo. Amekosea hesabu au amekosea Kiswahili?* (Msomaji, Morogoro)

Hesabu yake iko salama. Maneno ndiyo yaliyomponza, tena mawili.

La kwanza ni *puuza*. Neno hili limezaliwa nyumba moja na *upuuzi* na *mpuuzi*, kwa hiyo ukisema umepuuza kitu, msikilizaji anaelewa kwamba umekiona hakina maana. Ile 5 ina maana. Aliyekaa sekunde 5 akisubiri jibu ambalo jirani yake amelipata kwa sekunde 1 anaijua vizuri. Mimi ningesema *tunaiweka kando*, maana kilichowekwa kando bado kipo, ila swali lililo mezani halikihitaji.

Na swali lenyewe ni hili: orodha ikirefuka, yaani n, idadi ya vitu vilivyomo, ikiongezeka, kazi inakua vipi? Chukueni orodha ya namba za usajili wa wanafunzi, mkitafuta kama kuna namba iliyojirudia. Mkilinganisha kila namba na kila nyingine, namba 100 zinatoa jozi 4,950. Namba 200 zinatoa jozi 19,900, yaani karibu mara 4. Sasa tuseme kompyuta yako hutumia hatua 1 kwa kila jozi na ya mwenzako hutumia hatua 5. Yake itapanda kutoka hatua 24,750 hadi 99,500. Gawanya uone: bado ni karibu mara 4. Ile 5 imo juu na imo chini, ikajikata yenyewe. Inaeleza habari za mashine yake, au namna alivyoamua kuhesabu hatua, wala haigusi mwendo wa ukuaji.

(Iiteni *kizidishi*. Msiiite *kipeo*, kwa kuwa kipeo ni ile 2 ndogo ya juu, na hiyo haiwekwi kando hata siku moja.)

Neno la pili ni *sawa na*. Usawa huenda na kurudi: kama hiki ni sawa na kile, basi kile ni sawa na hiki. Anachotaka kusema mwenzako huandikwa 5n² = O(n²), na ile alama ya = imewapotosha wengi, maana hapo haigeuziki. Bahati nzuri Kiswahili kina *ni*, ambayo hufanya kazi hiyo bila kelele. Mbuyu ni mti, lakini hakuna anayegeuza akasema mti ni mbuyu. Basi semeni "5n² ni O(n²)", kwa maana ya kwamba imo katika kundi la kazi ambazo hazikui kwa kasi kuliko n², kizidishi chochote kiwacho.

Mazungumzo yenu ningependa kuyasikia yakiendelea hivi:

"Haya, kaka, nina njia mbili. Moja ni 100n, nyingine ni n². Kwa vitu 40 ya kwanza inakula hatua 4,000, ya pili 1,600. Hapo utaniambia 100n ni bora?"

"Kwa vitu 40, hapana. Kwa 100 zinalingana. Kwa 1,000 yako ya kwanza ni hatua laki moja, ya pili ni milioni."

"Na nikiweka 500 badala ya 100?"

"Zitalingana kwenye 500. Umesogeza pale zinapopishana, hujapaondoa."

Katika jibu hilo la mwisho kizidishi kimepewa haki yake: hakiwezi kuzuia n² isiipite 500n, ila ndicho kinachoamua itaipita wapi. Ndiyo maana mtu anayeandika programu hukichukua tena pale alipokiweka. Timsort, njia ya kupanga orodha ambayo Tim Peters aliiandikia Python mwaka 2002, haianzi na ufundi wake mkubwa wa kuunganisha vipande. Orodha yenye vitu chini ya 64 huipanga kwa kuchomeka kitu kimoja kimoja mahali pake, ingawa kazi ya kusogeza vitu katika njia hiyo hukua kwa kipeo cha pili. Kwa orodha fupi kiasi hicho kizidishi chake ni kidogo, na n haijapata nafasi ya kuleta madhara.

Mwulize mwenzako kama hapo Peters alipuuza nini.