Kufundisha LoRA kwa picha za duka: kazi kubwa iko kwenye maelezo

Wanaoanza kufundisha LoRA, yaani modeli ndogo ya mtindo inayoongezwa juu ya modeli kubwa ya kutengeneza picha, huhangaika sana na mipangilio ya programu. Ushauri wangu ni kwamba muda mwingi uuweke kwenye kuchagua picha na kuandika maelezo yake, kwa sababu hapo ndipo modeli inapotofautisha mtindo wa duka na bidhaa yenyewe.

Chukua duka la hapa Arusha linalouza sandali za shanga, mikoba ya kitenge na vibuyu. Picha zake nzuri zina mwanga wa dirishani kutoka kushoto, ubao wa mninga na ukuta wa rangi ya krimu, na huo ndio mtindo tunaoutaka. Kwa modeli ya msingi kama SDXL, picha 30 hivi zinatosha, ilimradi bidhaa zichanganyike. Sandali zikizidi mno, ukiomba kikombe utaletewa kikombe chenye mikanda ya ngozi. Picha zilizopigwa usiku kwa flashi zitoe, hata kama mwenye duka anazipenda (na atazipenda tu).

Kila picha huwa na faili la maandishi lenye jina lilelile. Unachokitaja humo kinabaki kitu unachoweza kukibadilisha baadaye. Usichokitaja, kama kinajirudia picha hadi picha, kinanasa kwenye neno la kuitia mtindo, ambalo liwe la kubuni, kama `dkmrx` hapa chini. Tunaandika Kiingereza kwa kuwa ndicho SDXL inachokielewa vizuri:

```
dkmrx style, leather sandals with blue and white beads, folded red cloth
```

Mwanga, ubao na ukuta hatukuvitaja, kwa makusudi. Shuka jekundu tumelitaja kwa sababu limo kwenye nusu ya picha. Tungelinyamazia, lingejitokeza hata chini ya chupa ya asali.

Wakati wa kufundisha, hatua 1,500 hadi 2,000 ni pa kuanzia, lakini hifadhi toleo kila baada ya hatua 250. Kisha yapime yote kwa maelekezo yaleyale na `seed` ileile, yaani namba ya kuanzishia picha, ukiomba kitu ambacho hakikuwemo kwenye picha, tuseme hiyo chupa ya asali. Matoleo ya mwanzo yataiweka kwenye meza yoyote ile. Toleo zuri litaiacha chupa iwe chupa, juu ya mninga, mwanga ukitoka kushoto. Ukiona kifuniko kimeota shanga, modeli imekariri, basi rudi toleo la nyuma. Kama imezidi kidogo tu, punguza nguvu ya LoRA kutoka 1 hadi 0.7.

Mpangilio wa shanga usiutegemee kamwe. Kila picha itazipanga upya, na maandishi ya lebo yataharibika. Picha inayomwonyesha mteja anachonunua iwe ya kamera. Au tengeneza mandhari tupu kwa modeli, kisha ubandike sandali halisi juu yake, ukihakikisha nazo zilipigwa mwanga ukitoka kushoto, la sivyo vivuli vitagongana.