Maji ya kusafishia pua

Swali: "Nasafisha pua kwa chumvi na maji ya bomba tunayokunywa, lakini yanawasha. Je, ni salama?"

Ndugu, maji yanayofaa kunywewa huenda yasifae puani, kwa kuwa asidi ya tumbo huua vijidudu, ilhali amiba aitwaye Naegleria fowleri, ingawa ni nadra, akipitia puani huweza kufika kwenye ubongo na kuua. Yachemshe yatokote dakika 1 kamili (dakika 3 ukiishi juu ya mita 2,000), kisha yafunike yapoe hadi yawe vuguvugu. Katika mililita 250 koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto; kuwasha huko mara nyingi hutokana na chumvi kupungua au kuzidi. Ukipata homa, maumivu makali ya kichwa na shingo kukakamaa, nenda hospitali mara moja, ukaeleze kwamba ulisafisha pua.