Maswali na Majibu: Barua ya Karani wa Ghala

Naomba mfano wa barua ya maombi ya kazi ya stoo niinakili, nibadilishe jina tu.

Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Swali hili naletewa kila wiki. Anayepokea maombi anazo barua sitini mezani, arobaini zimeanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", na zote zinasema mwombaji ni mchapakazi asiyehitaji usimamizi. Mtu wa ghala asiyehitaji usimamizi, ndugu yangu, ndiye anayemtisha mwenye mali.

Nimeandika kwamba nilipunguza makosa ya stoo kwa asilimia 95 na bado siitwi. Kosa liko wapi? (Temeke)

Asilimia 95 ya nini? Nilimwomba huyu msomaji anitumie hesabu zake halisi, naye akazituma, namshukuru. Ghala lao lina aina 640 za bidhaa. Walipohesabu mwishoni mwa Januari, aina 58 hazikulingana na leja. Mwishoni mwa Juni zilikuwa 17. Hiyo 95 aliitoa wapi hata yeye hakumbuki, alidhani tu inapendeza.

Tuipige hesabu. Kutoka 58 hadi 17 zimepungua 41, ambazo ni kama asilimia 70 ya zile 58. Ukigeuza upande wa pili, Januari aina 582 kati ya 640 zilikuwa sahihi, yaani asilimia 91 hivi. Juni ni 623, asilimia 97. Kwa hiyo makosa yamepungua kwa asilimia 70, na usahihi umefika asilimia 97. Ni vitu viwili tofauti, na anayevichanganya kwenye barua ataumbuka kwenye usaili. Mimi ningeacha asilimia kabisa na kuandika 58 na 17, kwa sababu namba hizo anayesoma anaweza kuziuliza.

Kama karatasi ya hesabu iko kwenye Excel, kiasi cha leja safu ya D, kilichohesabiwa E na tofauti F, aina zisizolingana unazipata hivi, mradi usiache kisanduku kitupu kwenye F:

```
=COUNTIF(F2:F641,"<>0")
```

Usijumlishe thamani ya tofauti kwa shilingi ukajisifu kwamba upungufu ni mdogo. Ukikosa katoni 12 za sabuni ya aina moja na kuzidisha 12 za aina nyingine yenye bei ileile, jumla inasoma sifuri, wakati una makosa mawili na pengine mteja aliyepelekewa asichoagiza. Meneja wa ghala anaujua mchezo huo.

Namba pekee haitoshi, eleza ulifanya nini. Nilipomuuliza msomaji wetu wa Temeke, ikaonekana makosa mengi yalitokana na kipimo. Mafuta ya kupikia yalikuja katoni 40 za chupa 12, karani wa zamu akaandika 40 kwenye safu ya chupa. Rafuni zipo chupa 480, leja inasema 40, na ghafla kuna "ziada" ya chupa 440 ambayo hakuna aliyeileta. Yeye akaandika kipimo juu ya kila kadi ya rafu, na akakataa kusaini hati ya mapokezi kabla watu wawili hawajahesabu mzigo, kila mmoja kivyake. Basi aya ya barua yake iwe hivi:

"Kati ya Januari na Juni nilitunza rekodi za aina 640 za bidhaa. Hesabu ya Januari ilionyesha aina 58 zisizolingana na leja, nyingi kwa sababu katoni ziliandikwa kama chupa. Niliweka kipimo kwenye kila kadi ya rafu, na mzigo ukawa unahesabiwa na watu wawili kabla ya kusainiwa. Hesabu ya Juni, iliyofanywa na mhasibu, ilionyesha aina 17."

Usilifute neno "mhasibu". Hesabu uliyojifanyia mwenyewe haina uzito, maana karani anayerekebisha leja usiku ili asubuhi ilingane na rafu naye ana makosa machache sana.

Mimi sio dereva, ratiba za kupeleka mizigo naziandikaje kama kazi yangu?

Dereva anaendesha tu. Anayeamua mzigo upi upakiwe, saa ngapi na kwa mpangilio upi ni wewe, na barua iseme hivyo. Wengi wanaandika "nilisimamia usafirishaji" halafu wananyamaza, kama vile waliisukuma gari kwa mikono.

Chukua hati za kupelekea mzigo zilizorudi na saini za wateja. Tuseme mwezi mzima ni oda 120: 102 zilifika siku iliyoahidiwa, na kati ya hizo 93 zilifika zikiwa kamili. Namba yako ni 93. Mteja aliyepata nusu ya mzigo kwa wakati bado anapiga simu kulalamika, kwa hiyo 102 ni kujidanganya.

Kisha eleza ulichobadilisha. Ghala moja nililofanyia kazi tulikuwa tunapakia kwa kufuata namba za ankara. Gari linatoka Chang'ombe kushika barabara ya Kilwa, linafika Mbagala, na mzigo wa Mbagala uko chini kabisa, umelaliwa na wa Mkuranga. Vijana wanashusha nusu ya gari barabarani kisha wanapakia upya, na hapo ndipo katoni zinapobadilishana wenyewe. Tulipoanza kupanga jioni, wa mwisho kushushiwa akaingia kwanza, mzigo wa Mkuranga ukakaa ndani na wa Mbagala mlangoni. Jambo dogo kama hilo likiandikwa kwa sentensi mbili linamwonyesha msomaji kwamba ulikuwepo pale kweli.

Stoo yetu ni ya daftari, hatuna kompyuta. Nina cha kuandika?

Unacho, tena pengine kuliko wenye kompyuta. Kadi ya rafu iliyojazwa palepale mzigo unapotoka ni bora kuliko mfumo unaojazwa jioni kwa kukumbuka. Sema ulitumia leja na kadi, ulizilinganisha kila baada ya siku ngapi, na ulipokuta tofauti ulimpelekea nani. Lakini usidai umetumia mfumo usioujua. Watakuketisha mbele yake wakuambie upokee mzigo.

Niambatanishe picha za kurasa za leja kama ushahidi?

Hapana! Kuna bei na majina ya wateja mle, na anayetoa siri za bosi wa jana atatoa na za wa kesho.

Kuna mali ilipotea nikiwa zamu, ingawa sikupatikana na hatia. Niitaje kwenye barua?

Kwenye barua usiitaje, kwenye usaili usiifiche. Wakiuliza, eleza kwa mpangilio: kilipotea nini, uligundua lini, uliandika taarifa kwa nani, na utaratibu gani ulibadilika baadaye. Kama uligundua Jumatatu ukaripoti Ijumaa, jiandae kwa swali la hizo siku nne, kwa sababu litakuja. Na usimtupie mzigo mlinzi. Nimesikia usaili mwingi ambamo kila kilichopotea kilichukuliwa na mlinzi.

Barua iwe kurasa ngapi?

Mmoja.

Wamenipigia simu, wanataka elfu 50 ya fomu kabla ya usaili.

Usitume. Kata simu.