Picha ya gauni la kitenge: panga ua kama fundi anavyokata

Baadhi ya picha za katalogi za nguo za kitenge hutengenezwa kwa kompyuta. Gauni moja jeupe hupigwa picha, kisha juu yake huwekwa maua ya vitenge mbalimbali. Ndiyo kazi ninayofanya, na nikitazama picha yoyote ya aina hii naanza na mishono. Ua likitoka kifuani, likavuka bega na kushuka mkononi bila kukatika popote, najua hakuna fundi anayeweza kuishona nguo ile. Mteja atakayeiagiza ataletewa kitu kingine.

Kwa hiyo usilifunike gauni zima kwa kitambaa kimoja. Kila kipande ambacho fundi angekikata peke yake kipe leya yake: kifua, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, sketi. Kisha kipe kila kipande mwelekeo wake. Nyuzi za kitambaa cha mkono hufuata mkono, hivyo mwanamitindo akiuinua, maua ya mkono yanainama pamoja nao huku ya kifuani yakibaki wima.

Kabla ya hapo, pima. Tuseme gauni lina sentimita 100 kutoka begani hadi kwenye pindo, na kwenye picha urefu huo ni pikseli 2,400. Kila sentimita basi ni pikseli 24. Kitenge chako ukikipima kwa rula unakuta ua linarudia kila baada ya sentimita 30, kwa hiyo mrudio mmoja lazima uchukue pikseli 720. Kutoka kiunoni hadi kwenye pindo ni sentimita 60, yaani mirudio miwili. Picha ikionyesha minne, ua limepunguzwa nusu, na mteja anayependa maua madogo atadanganyika.

Mrudio wenyewe upige picha kitambaa kikiwa kimepigwa pasi na kulazwa, kamera ikitazama chini moja kwa moja. Kata kutoka alama moja hadi alama ileile inapojirudia, kisha sogeza picha kwa nusu ya upana na nusu ya urefu ili kingo zije katikati. Kama kuna mstari ulioachana, utauona hapo. Angalia pia kama safu ya pili ya maua imeshuka nusu kuliko ya kwanza, kwa sababu vitenge vingine hupangwa hivyo na ukivipanga mraba kwa mraba unabadilisha muundo wake.

Marinda ndiyo huwashinda wengi. Programu inaweza kupinda ua lifuate mikunjo, lakini haijui kitambaa kilichofichwa ndani ya rinda. Rinda lenye kina cha sentimita 3 limekula sentimita 6 za kitambaa, kwenda na kurudi. Kwa kipimo chetu ni pikseli 144. Basi uso wa rinda moja ukiishia katikati ya duara, uso wa rinda linalofuata hauendelei na duara lile. Unaanza pikseli 144 mbele yake. Mimi hukata kila rinda kama kipande na kusogeza ua kwa kiasi hicho. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato niliyowahi kuikubali.

Usilinganishe ua kwenye kila mshono. Fundi mzuri hulinganisha katikati ya kifua, na akipenda mshono wa mgongoni kwenye zipu. Kwenye kwapa hawezi, kwa sababu mkato wa mkono na mkato wa kifua ni mipinde miwili tofauti. Sketi ya vipande vinavyopanuka kwenda chini itaonyesha maua yakikutana kwa pembe kwenye mshono, na pembe hiyo iache ionekane.

Vivuli vya gauni jeupe virudishe kwa `Multiply`, kwa kiasi, maana vikizidi vinachafua rangi ya njano kabla ya nyingine.

Kuhusu ukali wa mistari, tunza picha ya kitambaa ikiwa kubwa na uipunguze mara moja tu, maana kila kuzungusha na kupunguza upya kunalainisha kingo. Hata hivyo kuna mpaka. Mstari wa milimita 1 unapata pikseli 2.4 na utaonekana. Nyufa za nta, yaani vimistari vinavyobaki pale nta ilipopasuka wakati wa kutia rangi, zikiwa nyembamba kuliko nusu milimita zitafifia, kwa hiyo weka picha ya pili ya karibu badala ya kuzinoa kwa nguvu. Nyufa hizo, kwenye kitenge cha nta halisi, hazifanani kutoka mrudio mmoja hadi mwingine. Piga picha ya mirudio kadhaa tofauti uichanganye, la sivyo ufa uleule utajipanga safu nzima.

Ukihifadhi JPEG, chagua `4:4:4`. Mpangilio wa `4:2:0` hupunguza taarifa za rangi kwa nusu kila upande, na ua jekundu juu ya bluu ya nili ndipo linapovuja kingoni.